Unene wa Waya: Kipenyo au Eneo la Mkato?

Msomaji mmoja wa Mpanda, mkoani Katavi, ambaye kutengeneza vyombo vya umeme ni burudani yake, ametuuliza neno lifaalo kwa unene wa waya. Aliweka kihisi (wengine husema sensa) cha kupimia kina cha maji katika tangi lililo mita 100 kutoka nyumbani, akaambiwa atumie waya wa «nusu». Alinunua waya wa simu wa nusu milimita, na kihisi kikakataa kufanya kazi.

Kosa lilikuwa katika lugha. Waya wa simu hutajwa kwa kipenyo, yaani upana wa shaba kutoka ukingo hadi ukingo. Mafundi wa umeme wa majumbani, wasemapo «moja na nusu» au «mbili na nusu», hutaja eneo la mkato kwa milimita za mraba. Shaba yenye kipenyo cha milimita 0.5 ina eneo la mkato la karibu milimita za mraba 0.2 tu, na ukinzani wa waya hutegemea eneo hilo.

Kihisi chake hutumia miliampea 60, nacho huhitaji angalau volti 4.5. Umeme huenda na kurudi, hivyo waya unaohesabiwa ni mita 200, si 100. Kwa waya wa simu ukinzani ni karibu omu 17.5. Tukizidisha kwa ampea 0.06, volti 1.05 zinapotea njiani. Kati ya volti 5 zilizotumwa zinafika 3.95. Kwa waya wa milimita za mraba 0.5 ukinzani ni omu 6.9, na zinafika volti 4.59. Hilo ndilo tuliitalo mshuko wa volteji. Lipimwe kwenye tangi kihisi kikiwa kimeunganishwa, kwani bila mkondo hakuna mshuko, na mita itaonyesha volti 5 kamili. Njia nyingine ni kutuma volti 12 na kuzipunguza palepale kwenye kihisi.

Alipobadili waya, kihisi kilifanya kazi, lakini vipimo viliruka kila pampu ilipowashwa. Hii ni kelele: ishara ngeni ambazo waya mrefu huzidaka kutoka kwa nyaya za jirani. Wako wanaolipinga neno hili kwa kuwa sikio halisikii chochote. Mimi naliona linafaa, maana nayo huzuia ujumbe usieleweke. Unene wa waya hauiondoi. Alikuwa amefunga waya wa kihisi sambamba na ule wa pampu. Inafaa nyaya hizo zitenganishwe na, zikilazimika kukutana, zipishane kimsalaba. Waya wa ishara usokotwe pamoja na mwenzake wa kurudi. Penye kelele zaidi hutumiwa kebo yenye ala ya chuma, ambayo kwa kawaida huunganishwa na ardhi upande mmoja tu, kwa sababu ikiunganishwa pande zote mbili mkondo waweza kupita katika ala yenyewe na kuleta kelele mpya.