Mara Ngapi Tunasema -ngali-?

Vitabu vingi vya sarufi humfundisha mwanafunzi kanuni moja nyepesi: -nge- ni ya sharti ambalo bado lawezekana, -ngali- ni ya lililokwisha pita. "Ningekuwa na fedha, ningenunua shamba" kwa leo. "Ningalikuwa na fedha, ningalinunua shamba" kwa mwaka jana. Mwanafunzi hukariri zote mbili kwa bidii ileile, kana kwamba atakutana nazo kwa kiasi sawa. Kisha anafika Dodoma au Mombasa na kumsikia mtu akijutia safari ya jana kwa maneno "ningejua, nisingekuja", naye anashangaa kanuni imekwenda wapi.

Jibu linaweza kutafutwa katika hazina ya matini, yaani mkusanyo mkubwa wa maandishi halisi uliowekwa kwenye kompyuta ili uchunguzwe. Kwa Kiswahili, inayojulikana zaidi ni ile ya Helsinki, iliyoanzishwa na Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Toleo lake la pili lina maneno milioni 25 hivi kutoka magazetini, vitabuni na katika kumbukumbu za Bunge la Tanzania, na hutafutwa kupitia programu iitwayo Korp.

Mwalimu anayeandika "ngali" na kuhesabu majibu atapotoka papo hapo, kwa kuwa herufi hizo zimo ndani ya "angalia", "waangalizi" na "uangalifu", na pia katika "angali hai", ambako maana yake ni bado. Kwa "nge" hali ni mbaya zaidi: ataletewa "Bunge", "mbunge", "ongeza" na "tengeneza" kwa maelfu. Kwa hiyo lazima aiambie mashine kwamba neno lianze na kiambishi cha nafsi au ngeli:

```
[word = "(ni|u|a|tu|m|wa|i|li|ya|ki|vi|zi|ku|pa)(si)?ngali.+" %c]
```

Hata hapo "angalia" inapenya, maana kwa mashine a- ni nafsi na -ngali- inafuata. Hakuna njia ila kusoma mistari kwa macho.

Si lazima isomwe yote. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, utafutaji umeleta mistari 4,000. Mwalimu anaichanganya bila mpangilio na kusoma 100 ya mwanzo. Akichukua 100 bila kuichanganya, huenda yote ikatoka kwenye kitabu kimoja cha mwandishi anayeipenda -ngali-. Katika hiyo 100 anakuta 60 ni -ngali- ya kweli. Basi makadirio ni 2,400, yaani mara 96 katika kila maneno milioni moja. Sampuli ya mistari 100 inaweza kukosea kwa asilimia 10 hivi juu au chini, hivyo ni uaminifu kumwambia mwanafunzi "kati ya 2,000 na 2,800". Kiwango cha kwa kila milioni ndicho kinachoruhusu kulinganisha magazeti na vitabu, kwani mafungu hayo hayalingani kwa ukubwa.

Kazi tamu zaidi huja baada ya hesabu. Mashine huona umbo, haioni wakati. Mwalimu huchukua sampuli ya -nge- na kuusoma kila mstari pamoja na sentensi zinazouzunguka, akijiuliza: jambo hili bado lawezekana, limekwisha pita, au haijulikani? Hapo ndipo -nge- inapoonekana ikibeba majuto ya jana bila taabu yoyote. Linajitokeza pia fungu la nne ambalo kanuni ya kitabuni haikulitaja. Mbunge anayesimama na kusema "ningependa kuchangia hoja hii" hana sharti lolote. Hiyo ni -nge- ya adabu. Anayeihesabu pamoja na masharti atayaona mengi kuliko yalivyo, hasa katika kumbukumbu za Bunge.

Darasani, naona karatasi moja inatosha: mistari kumi na miwili iliyotolewa bila kuchaguliwa, kitenzi kikiwa katikati ya kila mstari, wanafunzi waipange wenyewe katika mafungu hayo manne. Kishawishi ni kuondoa mistari migumu na kuacha mizuri. Mwalimu akifanya hivyo, ameshaharibu uwiano aliotaka kuuonyesha. Neno gumu lielezwe pembeni, mstari ubaki. Chini ya karatasi ziandikwe idadi mbili, ya -nge- na ya -ngali-, kwa kila maneno milioni, pamoja na idadi ya matini ambamo kila umbo limepatikana. Umbo lililotokea mara 50 katika vitabu 40 na lile lililotokea mara 50 katika kitabu kimoja hayafundishwi kwa uzito mmoja.

Mwanafunzi aambiwe pia kwamba hesabu hiyo ni ya maandishi, tena mengi yamepita mikononi mwa wahariri. Mazungumzo ya sokoni na nyumbani hayamo. Anayetaka kujua -ngali- inasikika mara ngapi Tanga au Lamu atahitaji kurekodi watu kwa idhini yao, kuandika walichosema neno kwa neno, na kuhesabu upya.