Kugeuza mpangilio wa integrali mbili: anza na mchoro

Integrali hii, au dada yake wa karibu, huwatoa jasho wanafunzi wengi wa hesabu wa chuo:

```
∫[y = 0 hadi 4] ∫[x = √y hadi 2] √(x³ + 1) dx dy
```

Inatutaka tujumlishe thamani za √(x³ + 1) katika eneo fulani la karatasi, na tuanze na x. Hapo ndipo inapokwama, kwa sababu integrali ya √(x³ + 1) kwa x haiandikiki kwa funksheni za kawaida, hata ukeshe nayo. Tukianza na y mambo hubadilika: y haimo ndani ya mzizi, kwa hiyo mzizi wote unakuwa kama namba tu. Lakini mipaka haihamishwi kwa kubadilishana viti. Ukiandika y kutoka 0 hadi 4 ndani, na x kutoka √y hadi 2 nje, jibu litabaki na y ndani yake, ilhali tunatafuta namba.

Chukua penseli. Mipaka uliyopewa ni maelezo ya eneo lililokatwa mikanda ya mlalo, kama shamba lililopigwa matuta ya kwenda upande mmoja. Kwenye kimo y = 0, tuta linaanza x = 0 na kuishia x = 2. Kwenye y = 1 linaanza x = 1. Kwenye y = 4 linaanza 2 na kuishia 2, yaani limekwisha. Unganisha mianzo hiyo: ni mkunjo x = √y, ambao ndio parabola y = x². Eneo letu lina pembe tatu, (0, 0), (2, 0) na (2, 4), na liko chini ya parabola.

Neno “chini” lihakikishe, maana wengi hutia kivuli upande wa juu. Chagua nukta moja inayotimiza mipaka, mfano (1.5, 1). Pale x = 1.5 parabola iko kwenye kimo 2.25, na nukta yetu iko kwenye kimo 1. Basi ni chini kweli.

Sasa piga matuta upya, safari hii ya wima. Simamisha mshale pale x = 1: unaingia kwenye eneo ukitokea mhimili wa x na kutokea kwenye parabola. Popote utakapousimamisha kati ya 0 na 2, y inakwenda kutoka 0 hadi x²:

```
∫[x = 0 hadi 2] ∫[y = 0 hadi x²] √(x³ + 1) dy dx
```

Integrali ya ndani ni x²√(x³ + 1), na ile x² iliyojitokeza ndiyo tuliyoihitaji. Weka u = x³ + 1, u iende kutoka 1 hadi 9, na jibu ni 52/9, karibu 5.78.

Kuna maeneo ambayo mshale mmoja hauyatoshi. Chukua eneo la y kutoka −1 hadi 2, na x kutoka y² hadi y + 2. Kwa mlalo ni kipande kimoja: kila tuta linaanza kwenye parabola iliyolala na kuishia kwenye mstari mnyoofu. Ukilichora utaona vinakutana kwenye (1, −1) na (4, 2). Mshale wa wima ulio kati ya x = 0 na x = 1 unaingia kwa mkono wa chini wa parabola, y = −√x. Ukivuka x = 1, unaingia kwa mstari y = x − 2. Mlango umebadilika, kwa hiyo integrali lazima ikatwe mbili pale x = 1. Juu, kote unatokea kwenye y = √x.

Asiyechora hupitiwa na badiliko hilo, akaandika y kutoka x − 2 hadi √x kwa x yote kutoka 0 hadi 4. Kosa hili hunaswa kwa kuweka 1 mahali pa funksheni, ili integrali itoe ukubwa wa eneo lenyewe. Kwa mlalo tunapata 9/2. Kwa wima, vipande viwili vinatoa 4/3 na 19/6, jumla 9/2 ileile. Yule wa kipande kimoja anapata 16/3. Amezidisha 5/6, na hiyo 5/6 inaonekana wazi kwenye karatasi: ni kile kipande kilicho kati ya x = 0 na x = 1, chini ya parabola na juu ya mstari, ambacho hakikuwa chetu tangu mwanzo.