Lazima, inashauriwa, inaruhusiwa: sharti la kiufundi linavyoandikwa likapimika

Chukua zabuni ya friji ya chanjo kwa ajili ya zahanati. Sentensi moja ndani yake inasema: "Friji iwe imara, itunze baridi ya kutosha na iweze kuhimili kukatika kwa umeme." Kwa msomaji mwenye haraka, haina kasoro. Kasoro hujitokeza siku ya mapokezi, kamati ya ukaguzi inapotakiwa kukubali friji au kuikataa. Baridi ya kutosha ni nyuzi ngapi? Umeme ukatike kwa dakika 10 au usiku kucha? Msambazaji atashikilia kwamba ametimiza yote, na karatasi aliyopewa haina neno la kumpinga.

Hatari si ya ubishi tu. Chanjo nyingi hutunzwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Watu wengi huogopa joto, lakini chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina B na ile ya pentavalenti huharibiwa pia na kuganda, na kuiyeyusha hakurudishi nguvu yake. Friji inayogandisha maji hadi yawe barafu ina "baridi ya kutosha" kabisa. Imetimiza sharti, na imeharibu chanjo.

Waandishi wa viwango vya kimataifa waliona mapema kwamba dawa ya tatizo hili huanzia kwenye kitenzi. Sentensi ya kiufundi huwa na moja ya kazi tatu: kuweka sharti, kutoa pendekezo, au kutoa ruhusa. Kila kazi hupewa neno lake, na neno hilo halibadilishwi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama mwandishi angependa kupamba lugha. Katika viwango vya intaneti maana hizo zilikusanywa Machi 1997 na Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika waraka mfupi uitwao RFC 2119. Humo SHALL na MUST ni sharti, SHOULD ni pendekezo, MAY ni ruhusa. Miaka 20 baadaye, Mei 2017, waraka wa RFC 8174 uliongeza ufafanuzi: maneno hayo hubeba maana hiyo maalumu yakiwa kwa herufi kubwa tu.

Anayeandika kwa Kiswahili ana mitego yake. "Friji itakuwa na kipimajoto" ni sharti, au ni habari ya jambo litakalotokea? "Friji inaweza kutumia umeme wa jua" ni ruhusa kwa msambazaji, au ni uwezo ambao friji inatakiwa kuwa nao? Mtu mwenye nia njema anaweza kusoma hivi au vile, na bei ya zabuni ikabadilika kwa kiasi kikubwa. Njia salama ni kuchagua maneno matatu, tuseme "lazima", "inashauriwa" na "inaruhusiwa", kuyafafanua mwanzoni mwa waraka, kisha kuacha "itakuwa", "inaweza" na "inapaswa" nje ya vifungu vya masharti.

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya zabuni. Ndani yake mna masharti matatu yaliyofungwa pamoja, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatenganisha na kulipa kila moja namba yake. Vinginevyo friji ikishinda mawili na kushindwa moja, hakuna ajuaye kifungu kimetimizwa au la. La baridi laweza kuandikwa hivi: "Joto katika kila sehemu ya kuhifadhia chanjo lazima libaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi kwa saa 24 mfululizo, friji ikiwa imejaa, joto la nje likiwa nyuzi 43, na vilevile likiwa nyuzi 5." Maneno "kila sehemu" yana uzito mkubwa, kwa kuwa chupa iliyo karibu na ukuta unaopoza huweza kuganda wakati ile ya katikati iko salama. Ile nyuzi 5 nayo si pambo. Friji hiyohiyo huenda ikapelekwa Tanga kwenye joto au Makete ambako usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kali, na chumba kikipoa sana friji isiyodhibitiwa vizuri hushusha joto lake chini ya 2.

La umeme linakuwa: "Umeme ukikatika, mlango ukiwa umefungwa na joto la nje likiwa nyuzi 43, joto katika kila sehemu ya kuhifadhia chanjo lazima lisizidi nyuzi 8 kwa saa 20." Saa 20 hapa ni mfano. Mwandishi wa zabuni huzipata kwa kuangalia umeme wa mahali husika hukatika kwa muda gani, si kwa kunakili waraka wa wilaya jirani.

Neno "imara" halipimiki, hivyo inabidi kumuuliza aliyeliandika alikuwa akiogopa nini. Kama ni mlango kulegea, basi idadi ya kufungua na kufunga itajwe. Kama hana jibu, neno litoke.

Ruhusa huonekana nyepesi kuliko yote, lakini ina mzigo wake. "Inaruhusiwa mlango wa friji kufunguka kwa juu au kwa mbele" humwachia msambazaji uchaguzi. Zahanati nayo hulazimika kuwa na chumba kinachofaa kwa aina zote mbili. RFC 2119 inasema hivyo waziwazi kwa mifumo ya kompyuta: usipotumia kitu kilichoruhusiwa, uwe tayari kufanya kazi na mwenzako aliyekitumia.

Pendekezo ndilo gumu zaidi, na barua pepe inalionyesha vizuri. Kiwango cha kutuma barua pepe, RFC 5321 cha Oktoba 2008, kinaeleza cha kufanya barua ikikataliwa kwa muda. Mtumaji MUST asubiri kabla ya kujaribu tena. Hilo ni sharti. Kwa kawaida SHOULD asubiri angalau dakika 30. Hilo ni pendekezo, na anaruhusiwa mpango mwingine akijua sababu ya barua kukataliwa. Mashine nyingine za kupokea hukataa kwa makusudi barua ya kwanza ya mgeni ili kuchuja barua taka. Kwa hiyo mtumaji anayerudi baada ya dakika 5 na anayerudi baada ya 30 huenda wote wakawa ndani ya kiwango. Saa peke yake haiwezi kuwahukumu. Anayekagua hupima muda, kisha huomba sababu ya kuliacha pendekezo, na ndiyo maana katika zabuni "inashauriwa" huambatana na agizo kwamba sababu iandikwe.

Kila "lazima" hugharimu kipimo, na kipimo hugharimu pesa, hivyo yabaki yale ambayo kukosekana kwake kunadhuru. Kila moja hupewa mstari katika jedwali: namba, njia ya kuthibitisha, na atakayethibitisha. Kipimajoto kinachosomeka bila kufungua mlango hukaguliwa kwa macho siku ya mapokezi. Zile nyuzi 43 kamati ya zahanati haina namna ya kuzipima, kwa kuwa haina chumba cha kupasha hadi hapo. Kwa masharti hayo jedwali hutaja ripoti ya maabara huru, yenye jina la modeli ileile iliyomo sandukuni, na msambazaji huikabidhi pamoja na bei yake, kabla mkataba haujasainiwa.