Barua ya Mizani Kabla ya Msimu

Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini huanza kuvunwa kuanzia Mei. Katibu meneja wa chama cha ushirika mkoani Rukwa anayejua kazi yake huwa ameshaandikia Wakala wa Vipimo mapema, Aprili haijaisha. Mizani ikikataliwa, sheria inataka itengenezwe na fundi mwenye leseni, kisha ipimwe upya. Hayo huchukua siku, na mkulima aliyekwisha kushusha magunia ghalani hana pa kuyapeleka.

Tuchukulie barua yake inasomeka hivi:

"Ndugu Meneja,

Yah: Ombi la kuhakikiwa mizani

Tuna mizani mbili za jukwaa, kila moja ya kilo 300, inayosoma kwa hatua ya gramu 100. Namba zake tumeziambatanisha. Moja ilihamishwa kutoka kituo kingine na haijapimwa tangu ihamishwe. Tunaomba zihakikiwe zikiwa ghalani, zitakapotumika. Gari linafika hadi mlangoni."

Kila sentensi hapo ina kazi. Uwezo wa mizani humwambia afisa vipimo abebe mawe mangapi ya kilo 20, na mzigo huo unahitaji gari. Kuomba upimaji ufanyike palepale ghalani ni busara kubwa, maana mvutano wa dunia hupungua kadiri unavyopanda juu. Mizani ya kielektroniki iliyorekebishwa Dar es Salaam ikipelekwa Sumbawanga, mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, itapunja makumi ya gramu kwenye gunia la kilo 100.

Lakini hasara kubwa zaidi hujificha konani. Afisa hupanga mawe matano, yaani kilo 100, katikati ya jukwaa, kisha huyahamishia kila kona. Kwa mizani ya aina hii, kosa linaloruhusiwa kwa mzigo huo ni gramu 100. Tuseme katikati inasoma 100.0, na kona iliyo upande wa ukuta inasoma 99.4. Hiyo haipiti. Wapagazi wenye haraka huliacha gunia lilipoangukia. Magunia 500 yakikalia kona ile, kilo 300 za wakulima zimepotea bila mtu yeyote kukusudia wizi.

Ikipita, hubandikwa stika ya mwaka na kufungwa rakiri mahali inaporekebishwa. Rakiri ikikatika, ununuzi usimame na barua nyingine iandikwe.

Kati ya uhakiki mmoja na mwingine, karani afagie jukwaa kila asubuhi, ahakikishe linasoma sifuri, kisha aweke kipande kilekile cha chuma konani na katikati. Asitumie gunia la mahindi kama jiwe la kupimia: mahindi hukauka, na uzito wake hubadilika wiki hadi wiki.