Wasifu wa Kazi: Kagua PDF, Usiishie kwenye Word

Waombaji wengi wa kazi huusoma wasifu wao kwa mara ya mwisho wakiwa kwenye Word, wakaridhika, ndipo wakaugeuza kuwa PDF na kuutuma papo hapo. Huko ni kutanguliza la mwisho. Mwajiri hataiona Word yako, ataiona PDF, na yapo makosa yanayojitokeza baada ya kugeuza tu. Kwa hiyo geuza kwanza, kisha soma PDF yenyewe. Ukikuta kosa, lirekebishe kwenye Word, geuza upya, na PDF ya zamani uifute isije ikatumwa kwa bahati mbaya.

Tumchukue mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi. Aliacha kazi hiyo Machi 2024, akaanza nyingine Aprili, na sasa anaomba ya tatu. Kazi mpya aliiongeza juu ya wasifu, ya zamani hakuigusa. Matokeo yake kazi zote mbili zinasomeka "hadi sasa", na chini ya ile aliyoiacha bado imeandikwa "Ninapokea mizigo" na "Ninahesabu bidhaa kila mwisho wa mwezi". Anayesoma atajiuliza huyu bwana yuko wapi hasa. Kazi uliyonayo iandikie "ninapokea", uliyoiacha "nilipokea". Ili uyanase makosa haya upesi, pitia neno la kwanza tu la kila mstari, ukishuka nalo hadi chini. Kwenye wasifu wa Kiingereza kosa hujificha katika herufi mbili za mwisho wa kitenzi, ed, na kompyuta mara nyingi haitakushtua, kwa kuwa kitenzi ni sahihi kikiwa nazo na kikiwa hakina.

Tarehe nazo zina mtego wake. Aliyeandika kwamba alianza 03/04/2024 alimaanisha tarehe 3 Aprili, lakini Mmarekani ataisoma 4 Machi. Andika "Aprili 2024", yatosha; siku ya kuripoti kazini haina anayeihitaji. Mtindo utakaouchagua uutumie ukurasa mzima.

Kwenye mawasiliano ndiko ningekaa muda mrefu zaidi, kwani hapo kosa moja hukufanya usipatikane kabisa. Wengi huandika +255 kisha wakaiacha ile sifuri ya mwanzo, ikawa +25507 na kuendelea. Namba hiyo haiendi popote. Baada ya +255 namba ya simu ya mkononi hubaki na tarakimu 9, na ndivyo ilivyo kwa +254 ya Kenya. Usiihakiki kwa macho, maana namba yako umeizoea mno. Inakili kutoka kwenye PDF, ibandike kwenye simu ya mtu mwingine, piga, usikie yako ikiita.

Barua pepe ina hila kubwa zaidi. Ukitumia wasifu wa rafiki kama kiolezo na kuandika anwani yako juu ya ile yake, maandishi hubadilika lakini kiungo kilichofichwa chini yake huweza kubaki cha rafiki. Mwajiri anabofya jina lako, ujumbe unakwenda kwake. Bofya mwenyewe ndani ya PDF uone ni anwani gani inayojitokeza. Ikiwa si yako, rudi Word, bofya anwani kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Edit Hyperlink, uisahihishe.

Kiolezo cha kuazima au kompyuta ya steshenari huacha alama nyingine pia. Fungua PDF kwenye kivinjari, tazama maandishi ya juu ya kichupo: huenda ukakuta jina la mtu usiyemjua. Yanatoka kwenye kisanduku cha Title, ndani ya File, kisha Info, huko Word. Faili lenyewe liite kwa jina lako, mfano `Jina_Ukoo_CV.pdf`. "CV mpya final (1)" halimsaidii ofisa mwenye mafaili mia ya waombaji.

Kugeuza kwenyewe ni File, Save As, kisha PDF. Usichapishe wasifu na kuupiga picha kwa simu, kwa sababu hapo unatuma picha tu, na mfumo wa kuchuja maombi unaweza usiambulie neno. Jaribu kuchagua mstari mmoja kwa kipanya. Maneno yakikataa kuchagulika, faili hilo ni picha. Angalia pia pembeni: kama kuna aliyekusahihishia, maoni yake na rangi nyekundu za masahihisho huweza kuingia kwenye PDF. Yakubali au uyafute kwanza chini ya Review.

Kabla ya kumtumia mwajiri, jitumie mwenyewe, ulifungue faili kwenye simu, na uhesabu kurasa. Kama zilikuwa mbili na sasa ni tatu, usitume bado.