Mzee Alisamehe Lini?

Msomaji wa kwanza wa mswada anapolalamika kwamba mhusika mkuu "amebadilika ghafla mno," mwandishi hukimbilia kuongeza kurasa palepale mwishoni. Huandika usiku mwingine wa kukosa usingizi na machozi zaidi. Mswada unarefuka, lakini lalamiko linabaki, kwa sababu kasoro huonekana mwishoni ilhali chanzo chake kiko sura kadhaa nyuma.

Tuchukue mswada wa kubuni wenye sura 15. Mzee Haji wa Pangani anamfukuza mwanawe aliyeuza shamba la minazi la familia bila kumuuliza mtu. Anaapa hatamtazama tena usoni. Katika sura ya 14 inafika barua: kijana amepata mtoto, na amempa jina la babu yake. Mzee analia, anapanda basi hadi Tanga, anamkumbatia mwanawe. Tukio limeandikwa kwa ustadi, na bado moyo wa msomaji haukubali.

Anayetoa maoni asome mara ya kwanza bila kusahihisha chochote, aweke alama tu kwenye ukurasa ule alipoacha kumwamini mhusika. Mara ya pili achukue karatasi na kuorodhesha kila tukio ambalo mzee analazimika kuchagua. Kando ya kila tukio aandike mambo matatu: mzee alitaka nini, aliamua nini, na uamuzi huo ulimgharimu nini.

Katika mswada huu orodha inajieleza yenyewe. Sura ya 2 anamfukuza kijana. Sura ya 5 anakataa salamu zake. Sura ya 8 anakataa kwenda kwenye harusi yake, na sura ya 11 anamzuia mkewe asimtembelee. Kukataa kwote ni kwa uzito mmoja, na nafasi ya gharama iko tupu kuanzia juu hadi chini. Kwa hiyo urefu si tatizo, maana mzee amepewa kurasa za kutosha. Ila kurasa zote zinamkuta amesimama palepale, kisha barua inabebeshwa kazi nzima ya kumgeuza. Na barua ile ingemliza mzee yeyote. Haimhusu Haji peke yake.

Sasa tuseme mwandishi anaigusa sura ya 11. Haji yuko barazani akinywa kahawa na wenzake, mmoja wao anamwita kijana mwizi. Nyumbani Haji mwenyewe hutamka makubwa kuliko hayo. Hapa anajikuta akimtetea mwanawe, maneno yanapanda, anainuka na kuondoka, na tangu siku hiyo hana tena mahali pa kukaa jioni. Hajasamehe. Lakini amepoteza kitu kwa ajili ya mwanawe, naye hajui amweleze vipi mkewe. Barua ya sura ya 14 ikifika baada ya hapo, huenda isihitaji kuongezewa hata neno moja.

Lakini tukio kama hilo alibuni mwandishi mwenyewe. Mtoa maoni akilileta likiwa limeiva, mzee anakuwa wake. Kazi yake ni kuonyesha mahali: "Kati ya sura ya 5 na ya 11 sikuona Haji akipoteza chochote, kwenye ukurasa wa basi niliacha kumwamini." Hilo lina faida kuliko kusema mhusika hajakomaa. Mwandishi pengine atajibu kwamba mzee alikuwa akimkumbuka mwanawe siku zote. Muulize kwa upole ni ukurasa gani. Mara nyingi kumbukumbu ile imo kichwani mwake tu, haikuwahi kushuka kwenye karatasi.

Yapo maneno ya kuyaangalia pia. Sentensi kama "tangu siku ile akawa mtu mwingine" ikikaa penye kilele, huenda mwandishi ameruka tukio alilotakiwa kulionyesha. Vivyo hivyo mawaidha marefu ya shehe au ya shangazi, ambayo mhusika akishayasikia tu anatengemaa. Rashidi wa *Kuli*, riwaya ya Adam Shafi ya 1979, haamshwi na hotuba moja. Anapitia kazi ya bandarini na wenzake wa kazi, na ndiyo maana tunamwamini anapoingia katika mgomo wa makuli wa Zanzibar wa 1948.

Kuna mabadiliko ya ghafla yaliyo halali: mtu anaweza kugeuka katika aya moja, mradi mbegu ilikwishapandwa. Na kuna wahusika bapa ambao hawakuumbwa wabadilike. Kumdai mzee mchoyo wa hekaya akue ni kumwonea mwandishi. Ndiyo sababu ni vizuri kumuuliza kwanza alimkusudia mhusika wake afike wapi.

Rasimu mpya ikirudi, usisome sura ya 11 peke yake. Anza na ya kwanza, kwa sababu mzee aliyemtetea mwanawe barazani huenda sasa akaifanya salamu iliyokataliwa katika sura ya 5 isomeke kwa namna nyingine kabisa, na pengine mistari kadhaa ya kilio cha sura ya 14 itahitaji kufutwa.