Kodi ya Duka Wakati Kazi Imepungua

Fundi cherehani ashonaye sare za shule mjini Kampala anajua kwamba kazi yake huja kwa majira. Mwaka wa masomo nchini Uganda huanza Februari, na wazazi hufurika dukani Januari. Oktoba na Novemba vyerehani hukaa kimya, lakini kodi haipungui. Afanye nini?

Kwanza afungue daftari lake la mwaka uliopita. Tuseme kodi ni shilingi 400,000 kwa mwezi, na mwezi wa Oktoba, baada ya kutoa gharama za nyuzi, umeme na msaidizi, alibakiwa na 310,000. Akiacha 60,000 za chakula, aweza kulipa 250,000. Hicho ndicho kiasi cha kuomba, wala si "nusu" ya kukisia.

Pili, achague miezi ya kurudisha. Wengi huahidi Desemba, nao hukosa, kwa maana Desemba fedha huenda kwenye vitambaa vya Januari. Ni heri aanze Januari. Kisha aandike mwishoni mwa Agosti, kabla ya deni lolote:

"Mpendwa Mama,

YAH: OMBI LA KULIPA KODI PUNGUFU KWA MIEZI MIWILI

Mimi ni mpangaji wako wa chumba Na. 3, na nimelipa kodi yote hadi leo. Kazi ya sare hupungua Oktoba na Novemba. Kwa heshima naomba nilipe shilingi 250,000 kwa kila mmoja wa miezi hiyo. Pungufu ni shilingi 300,000, nami nitalirudisha kwa kulipa shilingi 500,000 badala ya 400,000 katika Januari, Februari na Machi. Desemba nitalipa kodi kamili. Ukikubali, tafadhali tia sahihi chini ya nakala hii.

Wako mtiifu,
Mpangaji."

Msomaji ataona kwamba barua hii haiombi msamaha wa kodi, inaomba muda. Mwenye nyumba naye ana ada za shule na matengenezo ya kulipia, na jambo analotaka kujua ni lini fedha yake itarudi.

Akikubali kwa mdomo tu, kazi haijaisha. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 yataka mapatano yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe katika maandishi. Hata kwa kiasi kidogo, nakala mbili zenye sahihi huzuia ugomvi. Stakabadhi ya Oktoba nayo isomeke: "Imepokelewa 250,000, baki 150,000 kwa mapatano." Stakabadhi isiyotaja mapatano hayo humfanya mpangaji aonekane mdaiwa mkaidi.

Na kama Januari wateja wakichelewa? Aende mwenyewe kabla ya tarehe ya malipo, akiwa na chochote mkononi. Mdaiwa anayejitokeza husikilizwa. Anayepita njia ya nyuma hufungiwa mlango.